Ongea na kamera kwa nukta tatu ulizokariri: mwongozo kamili kwa mwenye duka la mashuka

Mwenye duka anayesoma maneno kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya simu hujulikana mara moja. Macho yanatembea kutoka kushoto kwenda kulia, sauti inapanda na kushuka mahali pasipotakiwa, na mikono imening'inia. Aliyekariri kila neno naye hujulikana. Anakwenda vizuri mpaka neno moja linapompotea, kisha anarudi mwanzo kabisa kwa sababu hajui kuanzia katikati. Njia inayomfaa mtu wa dukani ni kukariri mpangilio wa nukta tatu, kukariri sentensi mbili tu neno kwa neno, na kuyaacha mengine yatoke kama anavyomweleza mteja aliyesimama kaunta.

Nitachukua duka la mashuka Kariakoo, kwa kuwa wauzaji wa mashuka huulizwa swali moja kila siku na wengi hulijibu nusu. Ukiuza bidhaa nyingine, badilisha vitu na ubaki na utaratibu.

Anza na swali, bidhaa itafuata

Fungua WhatsApp ya duka usome ujumbe wa wiki nzima. Kwa muuza mashuka swali litakuwa hili: "Una shuka za 6 kwa 6?" Mteja anataja kitanda chake. Lebo ya shuka nayo inataja vipimo vya kitambaa, kwa hiyo anapewa shuka ya futi 7 kwa 8 na kuambiwa ndiyo ya kitanda cha 6 kwa 6. Anakwenda nayo nyumbani, anatandika, na asubuhi pembe zimechomoka. Hakudanganywa. Hakuna aliyemuuliza unene wa godoro.

Hapo pana video nzima, na ndiyo hiyo moja tu tutakayorekodi. Ukijaribu kuingiza pia aina za pamba, rangi zilizoingia jana na punguzo la mwisho wa mwezi, nukta tatu zinakuwa nane, na nane hazikaririki. Aina za pamba zitapata video yake.

Kabla ya kuandika chochote, piga hesabu ya kile utakachokisema, kwa kuwa kosa la namba kwenye video hubaki hapo miaka. Upana wa godoro la 6 kwa 6 ni futi 6, yaani inchi 72. Kama unene ni inchi 8, shuka lazima ishuke inchi 8 ubavu huu na inchi 8 ubavu ule ndipo ifike chini: 72 na 8 na 8 ni 88. Futi 7 ni inchi 84, kwa hiyo upande wa futi 7 unapungukiwa inchi 4 hata kabla ya kuchomekea. Futi 8 ni inchi 96. Inafika chini na zinabaki inchi 8, yaani 4 kila ubavu za kuingiza chini ya godoro. Kwa godoro la inchi 10 jumla inakuwa 92, na shuka ya 8 kwa 8 inabakiza inchi 2 tu kila ubavu. Mtu huyo mshauri shuka zenye mpira pembeni zilizoshonwa kwa unene wa godoro lake. Urefu nao upimwe, maana yapo magodoro yanayouzwa kama 6 kwa 6 lakini urefu umezidi futi 6 kwa inchi kadhaa.

Haya yote hayaingii kwenye video. Yakae kichwani, kwa sababu mtu anayejua zaidi ya anachokisema huongea bila wasiwasi.

Nukta tatu, na kila nukta iwe na kitu mkononi

Ipe kila nukta jina la neno moja, na neno hilo liwe kitendo. Za kwetu ni Pima, Jumlisha, Agiza. Nasisitiza kitendo kwa sababu "unene", "ukubwa" na "bei" ni maneno yanayofanana kichwani na hubadilishana nafasi ukiwa na wasiwasi. Pima haiwezi kuja baada ya Jumlisha. Mpangilio unajilinda wenyewe.

Kisha kila nukta ipewe kitu cha kushika. Pima ina futi kamba. Jumlisha ina kipande cha boksi ulichoandika kwa kalamu nene 72 + 8 + 8 = 88. Agiza ina seti ya shuka ikiwa ndani ya mfuko wake. Vipange mezani kutoka kushoto kwenda kulia kwa mpangilio huohuo. Ukipotea katikati ya maneno, mkono utakwenda kwenye kitu kinachofuata na kitu hicho kitakukumbusha. Mtazamaji anaona muuzaji anayeonyesha bidhaa, na hajui kwamba umekwama.

Lile boksi lina faida ya pili. Namba ndizo zinazowaangusha wengi, na hapa una ruhusa ya kuziangalia kwa sababu unazionyesha.

Utahitaji godoro pia. Kama huuzi magodoro, azima la jirani au tafuta kipande cha sponji chenye unene wa inchi 8 na ukilaze mezani. Kipande kidogo hakiwezi kuonyesha upana wa futi 6, ila ubavu wake unatosha kwa kupima, na hesabu utaifanyia kwenye boksi.

Maneno yenyewe

Yaandike hivi mara moja, kwa ajili ya kupima urefu na kuondoa maneno ya ziada. Sentensi za kufungulia na za kufungia ndizo utakazokariri kama zilivyo.

*Kufungulia. Umeshika pembe ya shuka iliyochomoka kwenye sponji, macho kwenye lenzi.*

"Mteja wangu, habari. Kama shuka yako inachomoka kila asubuhi, usinunue nyingine kabla hujapima godoro lako."

*Pima. Futi kamba ubavuni.*

"Unasimamisha futi kamba hapa ubavuni, kutoka chini mpaka juu. Hili linasoma inchi 8. La kwako linaweza kuwa 6, linaweza kuwa 10. Hiyo namba ishike."

*Jumlisha. Nyanyua boksi, kisha onyesha shuka ya 7 kwa 8 na ya 8 kwa 8.*

"Sasa tupige hesabu. Godoro la 6 kwa 6, upana wake ni inchi 72. Ongeza 8 za ubavu huu, ongeza 8 za ubavu ule, tunapata 88. Shuka ya 7 kwa 8, upande wake wa 7 una inchi 84. Haifiki hata chini, utachomekea nini? Hii ya 8 kwa 8 ina inchi 96. Inafika chini, na zinabaki inchi 4 kila upande za kuchomekea."

*Agiza. Mfuko wa shuka mkononi, sogea karibu na kamera.*

"Seti ya 8 kwa 8, shuka mbili na foronya nne, ni shilingi elfu 40. Tupo Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, na mkoani tunatuma kwa basi."

*Kufungia. Macho kwenye lenzi, usitikisike mpaka umalize.*

"Niandikie WhatsApp namba moja tu, unene wa godoro lako kwa inchi, nikwambie shuka inayokufaa."

Salamu yenye maneno matatu inatosha. Kuacha salamu kabisa hakupendezi, hasa kwa wateja watu wazima, lakini zile za "habari zenu wapendwa wateja wangu popote mlipo, karibuni tena dukani kwetu" humaliza muda ambao mtu bado anaamua kama abaki au apite. Bei nayo itajwe. Kumwambia mtu aje pembeni kuuliza bei kunawachosha wengi, na wanaokuja wengi wao walikuwa wanataka kujua bei tu. Elfu 40 hapa ni ya mfano, weka ya kwako.

Ombi la mwisho limefanywa jepesi kwa makusudi. Mtu akiambiwa "karibu sana" hana la kufanya. Akiambiwa aandike namba moja, anainuka akapime, na mtu aliyekwisha kupima godoro lake amesogea sana kwenye kununua.

Yasome maneno hayo yote kwa sauti ukiwa na saa, ukifanya na vitendo vyake. Yakizidi dakika moja na nusu, punguza kwenye Jumlisha, usiguse kufungia.

Kukariri

Jioni moja inatosha kwa mtu anayeijua biashara yake, lakini fuata mpangilio huu.

Kwanza weka karatasi pembeni na umweleze kijana wa dukani, au mtu yeyote wa nyumbani, kwa maneno yako: Pima, Jumlisha, Agiza. Usimsomee. Mwambie akukatize asipoelewa. Mahali anapokukatiza ndipo maneno uliyoandika ni mabovu, na mara nyingi sentensi unayomjibu inakuwa nzuri kuliko ile ya karatasini. Ichukue hiyo.

Pili, fanya mazoezi ukianzia mwisho. Sema Agiza peke yake mpaka iende bila kusita. Halafu Jumlisha na Agiza. Halafu zote tatu. Sababu ni rahisi: anayeanza mwanzo kila mara huwa ameurudia mwanzo mara nyingi na mwisho mara chache, kwa hiyo kwenye kamera anaanza kwa nguvu na kuishia akinong'ona, na bei ndiyo ipo mwishoni. Ukianzia nyuma, kila unavyosonga mbele unaelekea kwenye sehemu unayoijua vizuri zaidi.

Tatu, kariri vivuko. Kivuko ni sentensi fupi inayofunga nukta moja na kuifungua inayofuata. "Hiyo namba ishike" inavusha kutoka Pima kwenda Jumlisha. Kutoka Jumlisha kwenda Agiza kivuko ni kitendo: unaweka boksi chini na kuchukua mfuko. Wengi wakikwama hukwama kwenye vivuko, kwa sababu ndani ya nukta unajua la kusema ila hujui umemaliza lini.

Nne, sentensi mbili za kufungulia na kufungia zisemwe neno kwa neno ukiwa unafanya kazi nyingine, mfano unakunja shuka. Zikitoka bila mikono kusimama, zimeingia.

Nukta zenyewe usizikariri neno kwa neno hata ukiona unaweza. Leo sema "linasoma inchi 8", kesho "lina inchi 8". Utofauti huo mdogo ndio unaokufanya usikike kama mtu anayeongea.

Mwanga, sauti na mahali pa kusimama

Mwanga wa mlango wa duka unatosha. Simama hatua mbili au tatu ndani ukiutazama mlango, na simu iwe kati yako na mlango. Ukiupa mlango mgongo, kamera itapima mwanga wa nje na uso wako utakuwa giza. Kama jua la mchana linapiga moja kwa moja kizingitini, rudi ndani zaidi au subiri asubuhi.

Lenzi iwe sawa na macho yako. Simu iliyoegemezwa kaunta inakutazama puani, kwa hiyo ipandishe kwenye rundo la maboksi kama huna stendi. Isimamishe wima. Pima kwa macho: kichwa kibaki na nafasi kidogo juu, na meza yenye vitu vyako ionekane. Sehemu ya chini kabisa ya picha usiweke kitu cha maana, maana mitandao mingi huweka maandishi na vitufe vyake hapo.

Tumia kamera ya nyuma ukiweza, kwa kawaida ina picha nzuri zaidi na inakunyima nafasi ya kujitazama. Bandika alama ya gundi sakafuni pa kusimama. Kama lazima utumie ya mbele, funika skrini kwa karatasi uache lenzi peke yake, la sivyo macho yatakwenda kwenye sura yako na mtazamaji ataona unamwangalia kidevuni. Bonyeza uso wako kwenye skrini na ushikilie kabla ya kurekodi, ili mwanga na fokasi visibadilike unaponyanyua shuka nyeupe. Kwenye iPhone utaona maandishi AE/AF LOCK, na simu nyingine nyingi zina alama ya kufuli.

Kariakoo ina makelele, na makelele ya mbali hayaharibu video ya duka. Yanayoharibu ni feni iliyo juu ya kichwa chako na redio ya jirani. Zima feni, muombe jirani dakika tano, na vaa maikrofoni ndogo ya shingoni au tumia ile ya hedifoni za waya, ikae kifuani karibu shubiri moja kutoka mdomoni. Isiguse kola wala mtandio, msuguano wake unasikika kama upepo. Washa hali ya ndege, kwa sababu simu ikiingia katikati itakukatiza na utalazimika kurekodi upya. Futa lenzi kwa kitambaa safi, simu ya dukani hushikwa na mikono mingi.

Kurekodi

Rekodi sekunde kumi za majaribio, sikiliza, kisha anza. Baada ya kubonyeza kitufe simama kimya kidogo ukiitazama lenzi, vuta pumzi, ndipo uongee. Kimya hicho utakikata.

Macho yana kanuni moja. Mkono ukifanya kazi, angalia mkono, maana mtazamaji anafuata unapoangalia. Neno la hitimisho likifika, rudi kwenye lenzi. "Hili linasoma", macho kwenye futi kamba. "Inchi 8", macho kwenye lenzi. Anayeganda kwenye lenzi muda wote anatisha, na anayeangalia bidhaa muda wote anaonekana haamini anachosema.

Ukikosea, usizime kamera. Nyamaza, pumua, rudi mwanzo wa nukta hiyo, usirudi katikati ya sentensi. Sentensi iliyounganishwa katikati husikika imekatwa, lakini mwanzo wa nukta ni mahali ambapo hata muongeaji mzuri angenyamaza. Ndiyo maana pia nimekwambia usogee karibu na kamera kwenye Agiza. Picha ikibadilika ukubwa, mkato hauonekani kama kosa.

Agiza irekodi mara mbili zaidi hata kama ya kwanza ilikuwa nzuri: moja yenye bei, na moja isiyo na bei ambayo utaiwekea bei kwa maandishi. Mzigo mpya ukiingia na bei ikabadilika, Pima na Jumlisha bado ni kweli, unabadilisha kipande cha mwisho tu. Kumbuka ulivaa nini siku hiyo.

Kuikagua kabla ya kuituma

Itazame bila sauti. Kama mtu asiyesikia chochote hawezi kujua kwamba unapima godoro, vitu vyako viko mbali au chini ya picha. Angalia na macho: yakitembea upande mmoja mara kwa mara, kuna karatasi au mtu unayemtazama.

Kisha isikilize bila kuitazama, simu ikiwa imelala kifudifudi. Hapo utasikia kama namba zimekimbia. "Sabini na mbili, ongeza nane, ongeza nane" inahitaji kituo kifupi baada ya kila namba, na anayekariri kupita kiasi huzimeza zote kwa pumzi moja. Namba zikikimbia, rekodi Jumlisha peke yake upya, na safari hii gusa kila namba kwa kidole kwenye boksi unapoitaja. Kidole kitakupunguzia mwendo.

Mwisho mpe mtu ambaye hauzi mashuka, aitazame mara moja tu, kisha muulize anunue shuka ya ukubwa gani kwa godoro la inchi 8. Akijibu 8 kwa 8, itume. Akijibu "sita kwa sita", tatizo lipo kwenye Jumlisha, na kwa kawaida ni kwamba ulizionyesha shuka ya 7 kwa 8 na ya 8 kwa 8 zikiwa zimekunjwa sawa, zikafanana. Zikunjue zote mbili, zilaze moja juu ya nyingine huku zimelingana ukingo mmoja, na uonyeshe futi moja inayozidi upande wa pili.

Baada ya kutuma, weka daftari kaunta uandike namba ambazo watu wanatuma. Wengi wakiandika 10 au zaidi, video inayofuata ni ya shuka zenye mpira pembeni, na maneno ya Pima utaweza kuyatumia tena, ukibadilisha sponji na namba yake tu.